Kibumba: muhtasari wa simu waongeza wafu mara kumi, na maneno ya wengine yapewa jina la mwanafunzi

Kibumba, wilaya ya Nyiragongo – Mwanafunzi mmoja wa afya ya jamii, mzaliwa wa hapa Kibumba, anasoma mjini Goma na yuko mwaka wa mwisho. Wiki hizi ameshika kazi yake ya TFC juu ya kipindupindu na maji katika eneo hili la miamba ya volkano. Kwenye sura ya kwanza aliandika kwamba mwezi wa Julai 1994, katika kambi za Wanyarwanda zilizozunguka Goma, ikiwemo ile ya Kibumba, walikuwa wakikufa watu 20 hadi 35 kati ya 1,000 kila siku. Chini yake akaweka jina la makala ya jarida la Lancet la mwaka 1995. Mistari imenyooka, Kifaransa ni safi, na marejeo yako mahali pake.

Kosa halikuonwa na mwalimu. Lilionwa na mama mmoja muuza viazi kando ya barabara ya Rutshuru, shangazi yake, ambaye mwaka ule alikuwa msichana na aliona kambi ikijaa mbele ya shamba la baba yake. Kijana alimsomea ukurasa ule kwa kujivuna kidogo. Mama akauliza kambi ilikuwa na watu wangapi, kisha akanyamaza akihesabu kwa vidole. «Weye mtoto, wakikufa namna hiyo, kambi ingekwisha mbele ya viazi kukomaa. Na ile kambi ilikaa miaka miwili.»

Mama alikuwa na haki. Makala yenyewe inasema 20 hadi 35 kati ya 10,000 kwa siku. Sifuri moja ilianguka njiani, na iliangukia ndani ya simu, kwa sababu kijana hakuisoma makala. Aliomba programu ya akili bandia imfanyie muhtasari, akasoma muhtasari, akaandika kama mtu aliyesoma.

Hadithi hii isichukuliwe kama kichekesho cha mtoto mvivu. Kijana huyu si mvivu. Tabia aliyoshika imeenea kwenye vyuo, kwenye ofisi za mashirika madogo, hata kwenye meza za redio zetu, na wakubwa wanaitazama wakinyamaza kwa sababu inatoa kurasa haraka. Ni tabia mbaya. Sababu zake zinaonekana vizuri zaidi kwenye makala hii moja kuliko kwenye mahubiri marefu.

Makala ile iliandikwa na watu waliojiita Kikundi cha Epidemiolojia cha Goma. Inaeleza jinsi, katikati ya Julai 1994, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka kutoka Rwanda na kuingia Kivu Kaskazini ndani ya siku chache. Walisambazwa katika kambi za Katale, Kibumba na Mugunga. Kibumba ilikuwa na shida yake ya pekee. Hakuna mto wala chemchemi, maji yaliletwa kwa malori ya tangi, na mwamba wa lava ni mgumu hata kuchimba choo au kaburi ni kazi ya kuvunja jiwe. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ilitoka kwenye maiti zenyewe, zilizokuwa zikikusanywa kando ya barabara na kupakiwa kwenye malori.

Kila aliyesoma hesabu ya shule ya msingi anaweza kujua kama muhtasari unasema kweli, bila intaneti. Chukua wafu 50,000. Ukiwagawa juu ya watu 500,000 ni mmoja kati ya kumi kwa mwezi, yaani 1,000 kati ya 10,000. Gawa kwa siku 30, unapata kama 33 kwa siku. Sasa wagawe juu ya watu 800,000. Unapata 625 kati ya 10,000 kwa mwezi, yaani karibu 21 kwa siku. Tazama: 21 na 33. Makala inasema 20 hadi 35. Namba zake zinashikana mkono, na ndiyo maana mtu anaweza kuziamini.

Namba ya muhtasari haishikani na kitu chochote. Weka kambi ya watu 100,000 kwa urahisi wa hesabu. Kwa kipimo cha makala wanakufa kati ya 200 na 350 kwa siku, na huo ni msiba mkubwa sana, kwa sababu wataalamu wa afya huita dharura pale wafu wanapopita mmoja kati ya 10,000 kwa siku. Kwa kipimo cha muhtasari wanakufa kati ya 2,000 na 3,500 kwa siku. Kwa mwezi mmoja hiyo ya juu inafika 105,000. Wafu wamepita walio hai. Mama wa viazi hakuhitaji jarida ili kulijua hilo.

Kosa hilo liliingia namna gani? Makala ya 1995 haikuandikwa kwa kompyuta za leo. Faili inayozunguka kwenye simu za wanafunzi ni picha za kurasa zilizopigwa mashine, zenye safu mbili za maandishi na majedwali katikati. Kwenye jedwali, namba ziko chini na kipimo chake, «kati ya 10,000 kwa siku», kiko juu kabisa kwenye kichwa. Programu inapogeuza picha kuwa maandishi, kichwa cha jedwali kinaweza kukatika na kuachana na namba zake. Mashine basi ina 20 na 35 bila kipimo. Haisimami ikasema kipimo kimepotea. Inajaza neno ambalo kwa kawaida linafuata mahali kama pale, na kwenye maandishi mengi ya dunia vifo vya nchi huhesabiwa kati ya watu 1,000, tena kwa mwaka. Kwa hiyo «1,000» ikaja, ikakaa vizuri kwenye sentensi, na sentensi ikasomeka kama ya daktari.

Kuna njia nyingine mbaya kuliko hiyo. Wanafunzi wengi hawana faili yenyewe, kwa sababu makala imefungwa na inadai malipo ya dola. Wanaandika kichwa cha makala tu na kuomba muhtasari. Programu nyingi hazikatai. Zinatoa kurasa mbili zenye malengo, njia, matokeo na hitimisho juu ya kitu ambacho hakuna aliyeziwekea mbele yake. Huo si muhtasari. Ni ubashiri wa kile ambacho makala yenye kichwa kama hicho ingeweza kusema. Anayepokea hana namna ya kutofautisha kwa kuangalia sura, maana sauti ya muhtasari ni ileile ukiwa wa kweli au wa kubuni.

Turudi kwa kijana wetu, kwa sababu sifuri haikuwa kosa la pekee. Lilikuwa tu lile lililopiga kelele.

Muhtasari wake ulisema kwamba kipindupindu kiliua watu 50,000. Makala haisemi hivyo. Inasema mlipuko wa magonjwa ya kuhara ndio uliobeba wingi wa vifo hivyo, na ulikuwa wa mawimbi mawili: kipindupindu kwanza, kisha kuhara damu, ile inayoletwa na bakteria iitwayo Shigela. Kwa mtu wa mjini anayetafuta alama za mtihani, tofauti inaonekana ndogo. Kwa muuguzi wa kituo cha afya siyo ndogo hata kidogo. Mgonjwa wa kipindupindu anakufa kwa kukaukiwa maji, na ukimrudishia maji na chumvi mapema na kwa wingi, mara nyingi unamwokoa. Mgonjwa wa Shigela, maji peke yake hayamponyi, anahitaji antibiotiki inayofaa, na mwaka ule bakteria ile ilikuwa imezoea dawa nyingi za kawaida. Kazi inayosema «kipindupindu» peke yake inamfundisha msomaji kuweka akiba ya chumvi ya maji na kusahau nusu ya msiba.

Kosa la tatu ni la Kibumba hasa, na mashine ya mbali haiwezi kulihisi. Muhtasari ulichanganya watu wawili tofauti. Kwa Kiswahili chetu mtu akisema «wakimbizi wa Kibumba», anaweza kumaanisha Wanyarwanda waliokimbilia Kibumba mwaka 1994 na kukaa hapa mpaka kambi iliposhambuliwa na kutawanyika Oktoba 1996. Anaweza pia kumaanisha wakaaji wa Kibumba wenyewe waliokimbia vita vya M23 mwishoni mwa 2022 na kujazana Kanyaruchinya. Kijana alikuwa ameipa programu maandishi kadhaa kwa mara moja, mengine ya zamani na mengine ya karibuni, na Desemba 2022 kipindupindu kilikuwa kimetangazwa tena katika zoni ya afya ya Nyiragongo. Muhtasari ukaunganisha yote kuwa aya moja laini: kambi, Kibumba, kipindupindu, wakimbizi. Mtu anayeisoma aya hiyo anatoka akidhani kuna kambi moja iliyokaa hapa tangu 1994 hadi juzi. Wenye mashamba yaliyokaliwa wamegeuzwa kuwa wageni, na wageni wamegeuzwa kuwa wenyeji. Katika eneo ambalo swali la nani ni wa wapi limemwaga damu, kosa la namna hiyo si la sarufi.

Wanaotetea tabia hii wanajibu kwamba programu zinaendelea kuboreshwa na kwamba inatosha kuiambia iwe makini. Jibu hili limekwisha kupimwa. Mwaka 2025 watafiti Uwe Peters wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, na mwenzake Benjamin Chin-Yee walitangaza katika jarida la Royal Society la Uingereza kazi waliyoifanya juu ya programu 10, wakipitia muhtasari 4,900 wa makala za sayansi. Hawakutafuta tu namba zilizokosewa. Walitafuta mahali ambapo muhtasari unasema jambo kwa upana kuliko makala yenyewe. Walikuta kwamba muhtasari wa mashine ulielekea kupanua hivyo karibu mara tano kuliko ule ulioandikwa na watu. Na programu zilipoagizwa ziwe sahihi na ziepuke makosa, kupanua huko kulizidi badala ya kupungua.

Kupanua ni nini? Makala ya 1995 inasema kwamba watoto wa nyumba zinazoongozwa na wanawake walikuwa katika hatari zaidi ya utapiamlo wiki zile, katika kambi zile. Muhtasari unasema: nyumba zinazoongozwa na wanawake zina watoto wenye utapiamlo. Umeona kilichotokea? Wakati uliopita umekuwa wakati wa siku zote. Kambi tatu zimekuwa dunia nzima. Hatari imekuwa hukumu. Hakuna namba iliyobadilika, kwa hiyo hata mwalimu anayehakikisha namba atapita bila kuona. Mjane wa hapa Kibumba anayeuza kabichi ili kulisha watoto wanne amekwisha kuandikwa kwenye TFC kama sababu ya ugonjwa, na mwandishi wa sentensi hiyo hajulikani ni nani.

Makala inasema pia kwamba vifo vilishuka hadi 5 mpaka 8 kati ya 10,000 kwa siku kufikia mwezi wa pili, na kwamba kushuka huko kulikwenda pamoja na misaada iliyopangwa vizuri. «Kulikwenda pamoja» ni neno la mtu mwangalifu. Katika muhtasari likawa «misaada ilipunguza vifo». Inawezekana ilipunguza, na wengi wanaamini hivyo. Lakini waandishi walichagua neno lao, na anayewataja hana haki ya kuwatilia mdomoni neno lingine.

Hapo ndipo linaanza jambo la pili, ambalo wakubwa wa vyuo wanaliogopa zaidi: wizi wa maneno. Kwa kijana wetu wizi huu ulikuwa wa pande mbili, na pande zote mbili zilifanyika bila yeye kujua.

Upande wa kwanza ni huu. Waandishi wa makala wanafungua kwa kusema kwamba wimbi la wakimbizi lilipita uwezo wa dunia wa kuitikia. Wazo ni lao na mpangilio wa maneno ni wao. Muhtasari uliihamisha sentensi hiyo kwenda Kifaransa karibu neno kwa neno, bila alama za kunukuu. Mara nyingi mashine haiweki alama za kunukuu isipoambiwa, na hata ikiambiwa haziaminiki. Kijana akaipenda sentensi ile, akainakili kwenye daftari. Wiki tatu zikapita. Akifungua daftari anaona mwandiko wake mwenyewe na kalamu yake mwenyewe, na anaamini kabisa kwamba sentensi ni yake. Ikaingia kwenye utangulizi bila jina la mtu. Watu waliokuwa wakihesabu maiti barabarani wameporwa sentensi yao na mtu anayewaheshimu.

Upande wa pili ni kinyume chake. Mahali pengine aliandika kwamba «kulingana na Kikundi cha Epidemiolojia cha Goma, mgogoro huu ulifunua udhaifu wa ndani wa mifumo ya kuitikia dharura na kuonyesha umuhimu wa mbinu jumuishi». Hakuna mahali kwenye makala palipo na maneno hayo. Ni maneno ya mashine. Yamepewa jina la watu ambao hawakuyasema, wakati maneno waliyoyasema yamenyimwa jina lao. Ukitaka picha kamili ya uharibifu wa tabia hii, ni hiyo: wenye maneno hawatajwi, na wanaotajwa hawakusema.

Mwalimu anayeongoza kazi yake aliligundua hili la pili kwa bahati. Kwenye meza yake kulikuwa na kazi ya mwanafunzi mwingine, wa mwaka huohuo, juu ya jambo lingine kabisa: surua huko Masisi. Na ndani yake kulikuwa na «kufunua udhaifu wa ndani wa mifumo» na «mbinu jumuishi», kwa mpangilio uleule. Wanafunzi wawili hawakunakiliana. Walinywa kwenye kisima kimoja. Akamwita kijana wetu.

«Mdogo wangu, sentensi hii iko ukurasa gani?»

«Mwalimu, iko kwenye makala ya Lancet.»

«Makala naijua. Nauliza ukurasa.»

Kijana alinyamaza. Swali la ukurasa ni dogo, lakini hakuna muhtasari wa simu unaoweza kulijibu kwa uaminifu, na programu ikilazimishwa kulijibu inaweza kutaja ukurasa wowote. Wajumbe wa juri wanaolalamika kwamba hawana programu ya kugundua kazi za akili bandia wangeanza na swali hilo. Hizo programu za kugundua nazo zinakosea. Zinaweza kumshutumu aliyeandika kwa mkono wake na kumwacha aliyenakili akageuza maneno mawili. Swali la ukurasa halimwonei mtu.

Sasa watetezi wana hoja moja ambayo haifai kupuuzwa. Makala iko kwa Kiingereza. Kijana amesoma kwa Kifaransa, nyumbani anazungumza Kiswahili na Kinyarwanda au Kikumu. Makala inadai malipo. Umeme unakuja na kwenda, mega za simu zinanunuliwa kwa franga za viazi, na maktaba yenye majarida ya afya haiko karibu. Chuo kinamdai marejeo 20 kwenye orodha yake kana kwamba yuko Brussels. Mtu akimwambia mtoto huyo «soma makala zote 20 mwenyewe», anamwambia aruke bila mabawa.

Hoja hiyo ni ya kweli, na inaelekeza kidole kwa chuo. Nani amedai marejeo 20 kwa mtu asiyeweza kufikia hata 5? Chuo kinachohesabu marejeo bila kuuliza kama yamesomwa kimemfundisha mwanafunzi kudanganya kabla simu haijamfundisha. Kabla ya akili bandia tulikuwa na fotokopi ya TFC za wakubwa waliopita, na marejeo yalihama kutoka kazi moja kwenda nyingine bila mtu kuyafungua. Mashine imekuta mlango wazi. Makala tano zilizosomwa kweli, zenye kurasa zinazojulikana, zingeleta TFC bora kuliko orodha ndefu ya vitabu ambavyo havikuguswa. Wakuu wa idara wanaweza kubadilisha sharti hilo kwenye kikao kimoja, bila pesa za mtu.

Kuhusu lugha, ni haki kusaidiwa. Mtu akiweka aya moja ya Kiingereza kwenye programu ili aielewe kwa Kifaransa, huku aya yenyewe iko wazi pembeni na namba zake anazilinganisha moja moja, anatumia kifaa kama anavyotumia kamusi. Muhtasari pia unaweza kumsaidia kuamua makala ipi afungue kwanza. Ubaya unaanza pale makala inapofungwa na muhtasari unachukua kiti chake.

Mwalimu yule hakumfukuza kijana. Alimtuma kutafuta makala yote kwa ukamilifu. Daktari mmoja wa mjini mwenye njia ya kuipata akampa, na ikachapwa kwenye sekreteria karibu na chuo. Kurasa zenyewe ni chache, hazifiki kumi. Hapo ndipo kijana alipoona aibu kubwa kuliko zote: kitu alichokikwepa wiki tatu kingesomwa kwa siku mbili na kamusi.

Kisha akampa njia ya daftari. Kila ukurasa wa daftari unagawanywa kwa mistari. Upande wa kushoto ni namba ya ukurasa wa makala. Katikati ni maneno ya waandishi wenyewe, kwa lugha yao, ndani ya alama za kunukuu, hata kama ni maneno matatu. Kulia ni maneno ya mwanafunzi, ambayo anayaandika baada ya kufunika makala kwa mkono. Kama kuna kitu kilichotoka kwenye programu, kinaandikwa kwa kalamu nyekundu na kubaki nyekundu mpaka kipatikane kwenye makala. Kisipopatikana kinafutwa. Kila namba inaandikwa pamoja na mambo matatu: kati ya watu wangapi, kwa muda gani, na wapi. «20 hadi 35» peke yake hairuhusiwi kuingia daftarini.

Mwishoni mwa utangulizi wa TFC, mwalimu alimwamuru aongeze mstari unaosema kwamba programu ya akili bandia ilitumika kuelewa Kiingereza cha makala fulani na fulani, na kwamba kila namba ilihakikishwa kwenye makala yenyewe. Kijana aliogopa kwamba juri itamkata alama kwa kukiri. Mwalimu alimjibu kwamba akikatwa kwa ukweli, yeye mwenyewe atasimama.

Ingekuwa vizuri maneno hayo yasikike pia nje ya chuo. Mashirika madogo ya hapa wilayani yanaandika miradi ya maji kwa kuomba programu ifupishe ripoti za kurasa 60, na namba zinazotoka zinapelekwa kwa wafadhili zikiwa na mihuri. Redio zinasoma hewani muhtasari wa ripoti ambazo mtangazaji hakuzifungua. Mwanafunzi anayekosea sifuri anarudishiwa kazi yake. Mradi wa maji uliojengwa juu ya sifuri hiyo unaweza kuomba matangi mengi kupita kiasi na kukataliwa, au kuomba machache, na watu wakarudi kuchota maji ya mvua kwenye mashimo ya lava. Mtangazaji anayekosea hewani hana karatasi ya kurudishiwa, na sauti yake imekwisha kufika Rugari na Rumangabo.

Kijana amerudi Kibumba mwisho wa wiki iliyopita akiwa na karatasi zake za sekreteria, zimekunjwa ndani ya plastiki kwa sababu ya mvua. Alimsomea shangazi yake upya, sasa kwa kipimo chake halisi, kisha akamsomea hesabu ya mwezi wa pili, 5 hadi 8. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hao waliohesabu maiti wameandikwa majina yao mahali fulani kwenye kazi yake. Kijana akamwonyesha mstari. Hajui kusoma Kifaransa, lakini aliweka kidole juu yake na kukiacha hapo kwa muda, kisha akarudi kwenye viazi vyake kwa sababu lori la Goma lilikuwa limesimama.